Uzi: Kuponi yangu imekatwa, ya mwenzangu imeingia nzima. Nipange nini wapi?

MamaNjoro
Hamjambo wote. Mimi ni mwuguzi, niko Nakuru. Mwaka huu nilinunua bondi ya serikali kwa mara ya kwanza, FXD1/2018/15, ya shilingi 500,000. Kuponi, yaani riba yake ya mwaka, ni asilimia 12.65. Kwa hesabu yangu ya daftarini, kila miezi sita nilitarajia 31,625. Juzi simu ikalia, nikafungua ujumbe wa benki: 28,462.50. Nikarudia kupiga hesabu nikiwa zamu, mgonjwa ananiangalia tu.

Mwenzangu wa wodi ya pili ana bondi pia, ila yake ni ya miundombinu. Yake imeingia yote bila kuguswa. Sasa nimekaa nikaona pesa zangu ziko sehemu nne na sijui kodi inakula wapi:

MMF, mfuko wa soko la fedha, laki tatu, ya dharura.
Hiyo bondi, laki tano.
Hisa za Safaricom 10,000.
Pensheni ya binafsi, naweka 10,000 kwa mwezi mbali na ile ya kazini.

Swali langu si "ninunue nini". Swali ni kama nimeweka kila kitu mahali pake, au kuna kitu kingekaa pengine kikakatwa kidogo.

Kijana wa Kongowea
Pole dada. Dawa ni moja tu: uza yote, weka bondi za miundombinu. Hazikatwi hata senti. Hata huko kwenye pensheni waambie wakuwekee hizo hizo. Kodi sifuri, kwisha maneno.

Mzee wa Mnada
Kijana ana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye gharama. Nitaanza na huo ujumbe wa benki.

Mama, 31,625 ukitoa asilimia 10 ni 28,462.50. Hakuna aliyekuibia. Riba ya bondi za kawaida za serikali hukatwa kodi ya zuio kabla haijafika kwako: asilimia 10 kama bondi ilitolewa kwa miaka 10 au zaidi, asilimia 15 kama ni ya chini ya hapo. Hati za hazina, zile za siku 91, 182 na 364, ni 15. MMF ni 15, akaunti ya muda maalumu benki ni 15. Kwa mtu binafsi mkazi wa Kenya makato hayo ndiyo ya mwisho, hayaongezewi kodi nyingine juu ya mshahara wako.

Soma jina la bondi yako. 2018 ni mwaka iliotolewa, 15 ni miaka yake tangu ilipozaliwa. Kiwango cha kodi kinafuata hiyo 15, hakifuati miaka iliyobaki. Ndiyo maana mimi Benki Kuu inapoifungua upya bondi kuukuu yenye miaka saba iliyobaki, naitazama kwa jicho zuri kuliko bondi mpya ya miaka mitano. Muda haupishani sana, lakini moja inakatwa 10 na nyingine 15.

Nyingine zikianza na IFB, hizo ndizo za miundombinu. Riba yake haina kodi.

MamaNjoro
Asante Mzee. Kwa hiyo nilipaswa kununua IFB?

Mzee wa Mnada
Inategemea IFB inalipa ngapi siku hiyo, na hapo ndipo Kijana amekwenda mbio. Wauzaji na wanunuzi wote wanajua haina kodi. Kwa hiyo mara nyingi bei imeshameza huo msamaha, IFB inalipa kidogo kuliko bondi ya kawaida ya umri unaofanana. Unalinganisha kinachobaki mkononi. Tuseme leo IFB inatoa 12 na ya kawaida ndefu inatoa 13. Ya kawaida ukiikata inabaki 11.7. Hapo IFB inashinda kwa kidogo mno. Kama ya kawaida ingekuwa 13.5, ingebaki 12.15, na IFB ingeshindwa pamoja na jina lake zuri. Hesabu ya haraka: gawanya ya IFB kwa 0.9, ukipata 13.33 ndicho kiwango ambacho bondi ndefu inapaswa kuvuka. Kwa MMF gawanya kwa 0.85.

Kuna nyakati serikali ina njaa na inalipa hata IFB kwa bei ya kukimbilia. IFB1/2024/8.5 ya Februari 2024 ilitoka na kuponi ya 18.4607 bila kodi. Siku kama hizo huhitaji kikokotoo.

Kijana wa Kongowea
Mzee unasema "kwa kidogo mno" lakini ushindi ni ushindi. Mimi bado naona IFB kila mahali ndiyo jibu.

Mzee wa Mnada
Kila mahali? Ngoja nikuonyeshe.

Mfuko wa pensheni uliosajiliwa haulipi kodi kwa mapato ya uwekezaji wake. Riba ikiingia humo inaingia nzima, iwe ya IFB au ya bondi ya kawaida. Sasa tumia viwango vile vile, 12 na 13, na Mama ana laki tano ndani ya pensheni na laki tano nje.

Akifuata ushauri wako nusu nusu, yaani IFB ndani na ya kawaida nje: ndani anapata 60,000. Nje anapata 65,000, inakatwa 6,500, inabaki 58,500. Jumla 118,500.

Akigeuza: ya kawaida ndani, 65,000 nzima. IFB nje, 60,000 nzima. Jumla 125,000.

Bondi ni zile zile mbili, pesa zile zile, serikali ile ile. Tofauti 6,500 kwa mwaka kwa kubadilishana viti tu. Ukiweka IFB ndani ya pensheni unalipia msamaha ambao pensheni tayari inao. Ni kama kuvaa koti la mvua ndani ya nyumba.

Kijana wa Kongowea
Na nikiweka IFB pande zote mbili? 120,000. Bado chini ya 125,000. Haya, nimekubali, lakini shingo upande.

Bi Rehema wa Tanga
Samahani wenzangu, mimi sielewi mbona mnakatwa. Huku kwetu Tanzania riba ya bondi ndefu za serikali tumezoea kuipokea nzima. Nilidhani ni mambo ya Afrika Mashariki nzima. Sisi kinachokatwa ni akaunti ya muda maalumu, asilimia 10, na gawio la hisa za DSE, asilimia 5. Basi bondi zote kwenu ni kama za kwetu ukiondoa hiyo ya Mama, sivyo?

Mzee wa Mnada
Sivyo dada. Kwetu zinazokatwa ndizo nyingi, IFB ndizo za pekee zisizokatwa. Usihamishe hesabu ya Tanga kuja Nakuru, wala yetu kuipeleka kwenu. Gawio tu ndilo tunafanana, 5 kwa 5.

Mweka Hazina Chama
Naomba kuingia na letu, maana limetuuma. Sisi ni wanachama kumi na wawili, tulisajili kampuni ili chama kionekane cha maana. Tukanunua bondi ya kawaida ndefu ya milioni mbili kwa jina la kampuni, kuponi 13. Tukaona asilimia 10 inakatwa, tukasema basi, kodi imelipwa. Miaka miwili tukajaza ritani za sufuri. Mhasibu mpya alipofungua vitabu akashika kichwa.

Hebu Mzee waeleze, mimi nikieleza naanza kupandwa na presha.

Mzee wa Mnada
Pole Mweka Hazina, si nyinyi wa kwanza. Ile asilimia 10 ni ya mwisho kwa mtu binafsi. Kwa kampuni siyo ya mwisho, ni malipo ya awali tu. Riba inaingia kwenye mapato ya kampuni na kutozwa 30.

Milioni mbili kwa 13 ni 260,000 kwa mwaka. Kodi ya kampuni ni 78,000. Mlishakatwa 26,000, kwa hiyo mnadaiwa 52,000 nyingine, na kwa miaka miwili kuna adhabu na riba ya kuchelewa juu yake. Inabaki 182,000. Mkiigawa kwa wanachama kama gawio inakatwa asilimia 5, yaani 9,100. Mkononi mwa wanachama inafika 172,900. Kama kila mmoja angenunua sehemu yake kwa jina lake, wote pamoja mngepokea 234,000.

Sasa tazama jambo la kuchekesha. Huyo Kijana aliyesema IFB kila mahali, kwenu nyinyi yuko sahihi kabisa. Bondi ya 13 ndani ya kampuni inabaki 9.1 kabla hata ya gawio. IFB ya 12 inabaki 12. Msamaha wa kodi una thamani kubwa kwa anayetozwa 30, thamani ndogo kwa anayetozwa 10, na hauna thamani yoyote kwa asiyetozwa. Mkitaka kubaki kampuni, bondi yenu ni IFB.

Mweka Hazina Chama
Tulifikiri kampuni inatulinda. Je, tukirudi kuwa kikundi tu, bila kampuni, kila mmoja anahesabiwa kivyake?

Karani Mstaafu
Hapa msikimbilie jibu la mtandaoni. Nimeona vikundi vilivyochukuliwa kila mwanachama na sehemu yake, na vingine ambako akaunti ya CSD, ile ya kushikia bondi Benki Kuu, ilifunguliwa kwa jina la kikundi na mabishano hayajaisha hadi leo. Akaunti ya pamoja ya watu wawili ni rahisi, ya watu kumi na wawili si rahisi. Muulizeni huyo mhasibu kabla hamjafunga kampuni, maana kufunga nako kuna gharama yake.

MamaNjoro
Naomba turudi kwangu kidogo. Hisa zangu je? Mtu wa kazini aliniambia nikiuza kwa faida KRA wanachukua asilimia 15.

Karani Mstaafu
Hiyo 15 ipo, ilipanda kutoka 5 Januari 2023, lakini ni ya shamba, nyumba, na hisa za kampuni ambazo haziuzwi sokoni. Hisa za NSE ukiuza kwa faida hulipi kodi ya faida. Huyo wa kazini bila shaka aliuza ploti.

Kwa hisa zako kinachokatwa ni gawio peke yake. Safaricom ililipa jumla ya shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025. Hisa 10,000 ni 12,000, kodi 600, umebaki na 11,400. Tuseme hisa ni 25, una mali ya 250,000. Kodi ya 600 juu ya 250,000 haifiki hata robo ya asilimia moja kwa mwaka.

Sasa linganisha na laki tatu za MMF. Tuseme inatoa 10, ni 30,000, kodi 4,500. Hiyo ni asilimia moja na nusu ya mali yako kila mwaka. Watu hutazama kiwango cha kodi tu, 5 au 15, wanasahau kuuliza kinakatwa kwenye nini. Hisa ukuaji wake mwingi uko kwenye bei, na bei haiguswi. MMF yote ni riba, kwa hiyo yote inapita kwenye kisu.

Ukiacha milioni moja kwenye MMF miaka kumi kwa 10, bila kodi ingefika karibu 2,594,000. Ikikatwa 15 kila riba inapoingia, unakua kwa 8.5, unafika kama 2,261,000. Laki tatu na elfu thelathini zimekwenda, na hukuona siku hata moja zikiondoka, kwa sababu MMF haikutumii ujumbe wa makato kama bondi.

MamaNjoro
Mungu wangu. Basi nitoe kwenye MMF?

Karani Mstaafu
La! Ile ya dharura iache. Mtoto akiugua saa nane usiku huwezi kuuza bondi. Hiyo 4,500 ndiyo bei ya kulala usingizi. Ninachosema ni kwamba usiweke MMF pesa ambazo hutazigusa miaka kumi. Hizo ndizo zinazoumia.

Zamu ya Usiku Doha
Nimesoma yote. Mimi niko Doha, nanunua VOO, mfuko wa hisa 500 kubwa za Marekani, kupitia programu ya simu. Gawio likija naona wamekata 30. Nilidhani ni ada ya programu. Nihamishie wapi?

Mzee wa Mnada
Hiyo si ada, ni serikali ya Marekani. Kwa mtu asiye mkazi wa kule, asiye na mkataba wa kodi unaopunguza, gawio la Marekani hukatwa 30. Faida ya kuuza hisa hawakutozi. Kuna mifuko inayofuata hisa zile zile 500 lakini imesajiliwa Ayalandi na inauzwa London, mfano CSPX. Mfuko wenyewe unakatwa 15 na Marekani kwa sababu ya mkataba wao, halafu Ayalandi haikukati wewe wa nje. Gawio la hisa hizo ni kama asilimia 1.3, kwa hiyo unaokoa kama 0.2 kwa mwaka. Si pesa ya kukunyima usingizi ukiwa na dola elfu mbili. Kinachopaswa kukuwasha ni kingine: mali ya Marekani ikizidi dola 60,000 na ukafariki, kodi yao ya mirathi inaweza kufika 40. Mfuko wa Ayalandi hauhesabiwi hivyo. Ila uzi huu ni wa Mama, fungua wako tutakuja.

Zamu ya Usiku Doha
Sawa Mzee. Nina dola 1,900, basi sifi mapema 😂

MamaNjoro
Kwa hiyo nikielewa: MMF ya dharura ikae. Hisa zikae nje, kodi yake ndogo. Bondi ya kawaida ningeitaka ndani ya pensheni, na nje niwe na IFB. Ila pensheni yangu ya binafsi hainiulizi ninunue bondi gani!

Karani Mstaafu
Umeelewa, na umegusa palepale ambapo hesabu ya Mzee inakwama. Mwanachama wa kawaida hachagui bondi. Meneja wa mfuko ndiye anachagua. Wewe, ukibahatika, unachagua kati ya mifuko miwili mitatu: wa soko la fedha, wa mchanganyiko, wa hisa nyingi. Omba taarifa ya mwaka ya mfuko wako uone umeshika nini. Mingi ya Kenya imejaa bondi za serikali. Kama wako ni hivyo, basi tayari una bondi zako za kawaida ndani, mahali pake, bila wewe kufanya lolote. Ukinunua nyingine nje, iwe IFB inayoshinda kwa hesabu ya kugawanya kwa 0.9, au uongeze hisa.

Halafu kuna kubwa kuliko yote haya ambalo hakuna aliyekuuliza. Unaweka 10,000 kwa mwezi. Ya kazini ni ngapi?

MamaNjoro
Ya kazini pamoja na NSSF inakatwa kama 9,000 kutoka kwangu. Kwa nini?

Karani Mstaafu
Kwa sababu tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa pensheni unaopunguza mapato yanayotozwa kodi ni hadi 30,000 kwa mwezi, zamani ilikuwa 20,000. Wewe uko 19,000 ukijumlisha zote. Umebakiza 11,000 ya nafasi. Kama mshahara wako uko kwenye ngazi ya 30, kila elfu unayoongeza humo inapunguza PAYE kwa 300. Hiyo 300 ya siku ya kwanza inazidi miaka mingi ya kubishana 10 au 15 kwenye kuponi.

Na hakikisha ile 10,000 ya binafsi mwajiri anaijua, au unaidai kwenye ritani ukiwa na cheti cha michango. Nimeona wengi wanaoweka miaka na miaka na hawajawahi kuidai.

MamaNjoro
Sijawahi kuidai. Miaka mitatu.

Karani Mstaafu
Nilijua tu. Ritani za iTax zinaweza kurekebishwa. Anza na cheti cha michango kutoka kwa mfuko, kila mwaka na chake.

Kijana wa Kongowea
Lakini Karani mbona husemi upande wa pili? Pensheni ni pesa iliyofungwa. Mimi nina miaka 26. Nitaiona lini?

Karani Mstaafu
Hoja nzuri hiyo, safari hii nzima si nusu. Ukitoa mapema inatozwa kodi kwa ngazi za mapato. Ukifika umri wa kustaafu, au ukiwa mwanachama miaka 20, haitozwi. Kwa Mama mwenye miaka arobaini na kitu ni rahisi kusema ndiyo. Kwa kijana anayetaka kununua bodaboda tatu mwakani, msamaha wa 300 kwa kila elfu haumsaidii kama pesa iko nyuma ya ukuta.

Tena kuna ada. Mfuko ukikata 2 kwa mwaka kwenye mali yote, umekula zaidi ya ile moja na nusu ambayo KRA ingekata kwenye MMF. Msamaha wa kuingilia unabaki, lakini ule wa riba umeliwa na meneja. Uliza ada kabla ya kuongeza.

Bi Rehema wa Tanga
Hapo umesema, hilo ni la nchi zote.

Mkulima Molo
Swali la pembeni: bondi ya zamani ukiinunua sokoni chini ya bei yake, tuseme 92, ikaiva ukalipwa 100, ile 8 ni riba au ni faida? Dalali wangu alisema moja, mwenzake akasema nyingine.

Mzee wa Mnada
Kwenye mnada wa Benki Kuu punguzo la bei hukatwa kodi ya zuio pamoja na riba. Sokoni, mkono kwa mkono, faida ya kuuza dhamana inayouzwa NSE haina kodi. Ila ukiishika hadi kuiva, nimeona wawili wakibishana hadi chai ikapoa. Mwambie dalali akuandikie barua pepe, usikubali ya mdomo.

Upande wa kinyume naujua vizuri zaidi. Ukinunua bondi ya kawaida ya kuponi kubwa kwa 115, kodi inakatwa kwenye kuponi yote, ingawa sehemu ya kuponi hiyo ni pesa yako mwenyewe ya ziada inayorudi. Ikiiva unalipwa 100, na ile 15 uliyopoteza haipunguzi kodi yoyote. Kwa IFB shida hiyo haipo.

MamaNjoro
Taarifa kidogo: nimepata majibu ya mfuko wa pensheni. Karibu theluthi mbili ni bondi za serikali, ada ni 1.5 kwa mwaka. Cheti cha 2024 wametuma leo, cha miaka miwili iliyotangulia wanasema "mfumo ulibadilika" nisubiri. FXD yangu sitaiuza, naona dalali na bei vitakula zaidi ya hiyo tofauti. Ila kuponi ijayo ikiingia, hiyo 28,462.50 ndiyo itaanza kujaza zile 11,000 za mwezi.

Mweka Hazina Chama
Mama hongera. Sisi kikao ni Jumamosi. Mjumbe mmoja anataka kujua nani alipendekeza kampuni. Ni yeye.